Mlinganyo wa oda ya pili usio na y: mfano wa mashua inayofukuza jahazi

Kuna milinganyo ya difarensha ya oda ya pili ambayo ina x, ina y′, ina y″, lakini y yenyewe haimo. Hapo kazi hupungua sana. Tukiipa y′ jina jipya, tuseme p, basi y″ ni p′, na mlinganyo mzima unageuka kuwa wa oda ya kwanza katika p na x. Tunaitafuta p, kisha intigrali moja inaturudisha kwenye y.

Maelezo ni hayo tu. Ugumu huja kwenye utendaji, kwa hiyo nitatumia mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Ni swali la zamani: mwaka 1732 Mfaransa Pierre Bouguer aliandika kuhusu njia inayochorwa na meli inayoifukuza meli nyingine huku ikiielekea daima pale ilipo. Nimelichagua kwa sababu mlinganyo wake unapoteza y mbele ya macho yetu, na tunaona sababu.

Kuupata mlinganyo

Jahazi liko kwenye nukta (0, 0) na linakwenda kaskazini moja kwa moja, kwenye mhimili wa y, kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Mashua ya doria iko mita 600 mashariki, kwenye nukta (600, 0), na mwendo wake ni mita 10 kwa sekunde. Nahodha wa mashua haelekezi mbele ya jahazi. Kila wakati omo ya mashua inalitazama jahazi pale lilipo.

Baada ya muda t jahazi liko (0, 5t) na mashua iko (x, y). Tanjenti ya njia ya mashua lazima ipite kwenye jahazi, kwa hiyo:

```
y' = (y - 5t)/x     yaani     x y' = y - 5t
```

Sasa tafuta derivativu ya pande zote mbili kwa x. Kushoto tunapata y′ + x y″. Kulia tunapata y′ − 5·dt/dx. Zile y′ mbili zinafutana, na y imekwisha kutoweka. Kimaumbile hilo halishangazi: mwendo wa jahazi haubadiliki, na bahari haina alama ya kuanzia kaskazini, kwa hiyo namna njia inavyopinda haiwezi kutegemea y.

Imebaki dt/dx. Urefu wa kipande kidogo cha njia ni √(1+y′²) mara ukubwa wa dx, na mashua hukipita kwa mwendo wa 10. Kwa kuwa x inapungua kadiri muda unavyokwenda, dt/dx ni hasi: −√(1+y′²)/10. Tukiiweka mahali pake:

```
x y'' = k sqrt(1 + y'^2),     k = 5/10 = 1/2
```

Alama ile ya hasi ndiyo inayowapoteza wengi. Ukiisahau, njia inapindia upande usio wake, na utaona mashua inakwenda kusini wakati jahazi liko kaskazini.

Kushusha oda

Weka p = y′. Basi y″ = dp/dx, na tunaweza kutenganisha p na x:

```
dp / sqrt(1 + p^2) = k dx/x
ln(p + sqrt(1 + p^2)) = k ln x + C
```

Tafuta C hapa hapa, usisubiri. Mwanzoni x = 600 na mashua inaelekea magharibi kabisa, kwa hiyo p = 0. Kushoto tunapata ln 1, yaani sifuri, na C = −k ln 600. Kwa hiyo:

```
p + sqrt(1 + p^2) = (x/600)^k
```

Nawasihi mpate konstanti mapema kwa sababu intigrali ya pili inakuwa nyepesi zaidi. Na hata pale ambapo huna masharti ya mwanzo, C lazima iwe ndani ya p *kabla* ya intigrali ya pili. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo mwanafunzi ameacha konstanti ya kwanza, akamaliza kazi yote, kisha akaandika "+ C₁ + C₂" mwishoni. Konstanti mbili zinazojumlishwa hivyo ni konstanti moja tu. Jibu la namna hiyo limepoteza nusu ya uhuru wake, na halitatimiza masharti mawili ya mwanzo.

Kuitoa p kwenye kipeuo

Watu hukimbilia kuinua pande zote kwa kipeo cha 2. Inawezekana, lakini kuna njia safi zaidi. Zidisha p + √(1+p²) kwa −p + √(1+p²), utapata 1. Kwa hiyo ile ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza:

```
-p + sqrt(1 + p^2) = (x/600)^(-k)
```

Toa mlinganyo huu kwenye ule wa kwanza. Kipeuo kinaondoka:

```
p = (1/2) [ (x/600)^k - (x/600)^(-k) ]
```

Kwa x iliyo chini ya 600, p ni hasi, na ndivyo inavyopaswa: mashua ikisogea magharibi, y inapanda.

Kurudi kwenye y

Kwa k = 1/2, iandike s = √(x/600) ili tusichoke na vipeo. Intigrali ya p, pamoja na sharti kwamba y = 0 pale x = 600, inatoa:

```
y = 200 s^3 - 600 s + 400
```

Mwanzoni s = 1 na y = 200 − 600 + 400 = 0, sawa. Mashua inalifikia jahazi x inapokuwa 0, yaani s = 0, na hapo y = 400. Jahazi limekwenda mita 400 kwa sekunde 80.

Kuhakiki

Usiridhike na ncha mbili tu. Chukua nukta ya katikati, x = 150, ambapo s = 1/2. Tunapata y = 25 − 300 + 400 = 125, na p = ½(0.5 − 2) = −0.75. Jahazi liko pale tanjenti inapokata mhimili wa y: 125 + 150 × 0.75 = 237.5. Mashua ina mwendo maradufu, kwa hiyo urefu wa njia yake mpaka hapo unapaswa kuwa mita 475. Hesabu intigrali ya √(1+p²) kutoka 150 hadi 600, na utaona inatoa 475 kamili. Hakiki hii haitumii y″ kabisa, ndiyo maana naiamini: kosa lililofanyika wakati wa kushusha oda haliwezi kujificha ndani yake.

---

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi tulifundishwa kwamba ukiweka p, basi y″ = p·dp/dy. Mbona hapa umetumia dp/dx?

Jibu: Marahaba. Zote mbili ni kweli, ila kila moja ina mahali pake. Ile p·dp/dy ni ya milinganyo ambayo *x* haimo. Ukiitumia hapa utapata x·p·dp/dy = k√(1+p²), mlinganyo mmoja wenye x, y na p kwa pamoja, na huwezi kusonga mbele. Kabla ya kuandika p, tazama ni herufi ipi iliyokosekana. Ikikosekana y, tumia dp/dx. Ikikosekana x, tumia p·dp/dy. Zikikosekana zote mbili, kama kwenye mlinganyo wa mnyororo unaoning'inia, y″ = c√(1+y′²), njia zote mbili zinafika, lakini mimi ningeanza na dp/dx.

Swali: Je, kama jahazi na mashua vina mwendo sawa? Kwenye intigrali ya mwisho naona nitagawanya kwa 1 − k, ambayo ni sifuri.

Jibu: Umeona vizuri. Pale k = 1, kipande (x/600)^(−1) hakina intigrali ya kipeo, kina logi. Hatua zote mpaka kwenye p zinabaki zilivyo, kisha:

```
y = (x^2 - 600^2)/2400 - 300 ln(x/600)
```

x ikikaribia 0, y inakua bila kikomo, maana yake mashua hailifikii jahazi kamwe. Umbali kati yao ni x√(1+p²), na kwa k = 1 huo ni (x²/600 + 600)/2. Kwa hiyo unapungua kutoka mita 600 kuelekea mita 300, wala haushuki chini ya hapo. Mashua inaishia kufuata nyuma, mita 300, moja kwa moja.

Swali: Naomba msaada, mwalimu. Nilipewa y″ = 2x(y′)². Nikaweka p, nikapata −1/p = x² + C, kisha y kwa arktanjenti. Nimekatwa alama na sioni kosa.

Jibu: Yako makosa mawili, na yote huwapata wengi. La kwanza: ili kupata dp/p² uligawanya kwa p², na hapo ukaitupa p = 0. Lakini p = 0 inaukubali mlinganyo, na inatoa y = konstanti. Hakuna thamani ya C itakayoirudisha, kwa hiyo lazima uiandike pembeni. Kila unapogawanya kwa kitu chenye p, jiulize kwanza kama kitu hicho kinaweza kuwa sifuri. (Kwenye mashua tuligawanya kwa √(1+p²), ambayo haiwi sifuri, kwa hiyo tulikuwa salama.)

La pili: p = −1/(x² + C) inatoa arktanjenti pale C ilipo chanya tu. C ikiwa 0, y = 1/x + C₂. C ikiwa hasi, unapata logi. Alama ya konstanti ya kwanza inabadilisha sura ya jibu la pili, kwa hiyo andika hali zote tatu.

Swali: Mimi ni baharia, si mwanahisabati. Nahodha mwenye akili hawezi kufukuza hivyo, ataelekeza mbele ya jahazi. Hesabu inasemaje?

Jibu: Inakubaliana nawe, kaka. Mashua ikinyoosha njia tangu mwanzo kwenda kukutana na jahazi kwenye nukta (0, d), itasafiri √(600² + d²) wakati jahazi linasafiri d. Kwa mwendo maradufu, √(600² + d²) = 2d, na d = 600/√3, karibu mita 346. Hiyo ni sekunde 69 na kidogo badala ya 80. Lakini njia hiyo inadai ujue tangu mwanzo mwelekeo na mwendo wa jahazi, na kwamba halitageuka. Anayefuata kwa macho peke yake hana habari hizo, na yeye ndiye anayechora ule mkunjo.