Jinsi ya kuandika waraka wa kuunganisha idara mbili

Tuchukue kampuni ya usambazaji yenye ghala kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Idara ya Ghala na Idara ya Usafirishaji zinakuwa Idara ya Ugavi kuanzia Jumatano, 1 Julai 2026.

1. Anza na sahihi. Kabla ya kuandika lolote, orodhesha karatasi zinazosainiwa na wakuu: likizo, posho ya safari, saa za ziada, hati ya kutoa mzigo. Mbele ya kila moja weka cheo cha atakayesaini kuanzia 1 Julai. Ukikuta nafasi tupu, rudi kwa menejimenti, maana uamuzi wenyewe haujaiva.

2. Aya ya kwanza ibebe uamuzi na tarehe. Maneno kama "kuongeza ufanisi" yanawatia watu hofu ya kupunguzwa. Taja sababu halisi: magari yanasubiri mzigo kwa sababu ghala na usafirishaji wana ratiba mbili.

3. Taja nani anaripoti kwa nani, kwa vyeo, kisha weka hapo orodha ya sahihi ya hatua ya 1. Kwa mfano:

> Madereva na matingo wataendelea kuripoti kwa Msimamizi wa Magari. Watunza ghala wataendelea kuripoti kwa Msimamizi wa Ghala. Wasimamizi hawa wawili wataripoti kwa Meneja wa Ugavi.

Hapo dereva anaona mara moja kwamba bosi wake ni yuleyule.

4. Funga mianya ya kipindi cha mpito. Hapa ndipo nyaraka nyingi huvuja. Dereva aliyeidhinishiwa likizo ya Julai na mkuu wa zamani atauliza kama aombe upya. Andika wazi: "Likizo zilizoidhinishwa kabla ya 1 Julai zinabaki halali. Maombi ambayo hayajajibiwa hadi 30 Juni yatashughulikiwa na Meneja wa Ugavi."

5. Visivyobadilika vitajwe kimoja kimoja. Mshahara, tarehe ya malipo, siku za likizo, michango ya NSSF, zamu, kituo cha kazi. Ila usiandike usichokuwa na hakika nacho. Kama zamu bado zinajadiliwa, ziondoe kwenye orodha na utaje tarehe ya kutoa jibu. Vivyo hivyo, usiahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa kabla menejimenti haijaamua hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mashauriano kabla ya kupunguza wafanyakazi. Na kama kazi ya mtu au kituo chake kilichoandikwa kwenye masharti ya ajira kinabadilika, waraka wa jumla hautoshi: ashauriwe, kisha apewe barua yake.

6. Kabla ya kuusambaza, kaa na wasimamizi wote wawili wausome. Halafu mpe dereva mmoja nakala, umuulize: "Nani atakusainia posho ya safari ya Morogoro tarehe 2 Julai?" Akisitasita, rekebisha ulichoandika katika hatua ya 3. Ukishakaa sawa, ubandike kwenye ubao wa getini pia, kwa kuwa wapakiaji wengi hawana barua pepe ya kazini.