Kupatanisha simulizi na picha: sekunde 18 za kalafati kule Matondoni

Mfano tutakaoufanyia kazi ni onyesho moja la filamu ya makala kuhusu ujenzi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu. Onyesho lina sekunde 18 na picha nne. Sekunde 5 za kwanza ni ubavu wa jahazi ufuoni, mianya kati ya mbao ikionekana. Zinafuata sekunde 4 za mikono ikisokota pamba yenye mafuta, kisha sekunde 6 za nyundo ikigonga patasi, na sekunde 3 za fundi akirudi nyuma kuikagua kazi yake. Simulizi iliyoletwa ni hii:

"Kazi ya kukalafati ni kazi ambayo hufanywa na fundi kwa kutumia pamba iliyolowekwa katika mafuta kwa ajili ya kuziba nafasi zilizopo kati ya mbao moja na nyingine ili kuhakikisha kwamba maji hayawezi kuingia ndani ya jahazi."

Hatua ya 1: hesabu silabi, usihesabu maneno

Kwa Kiswahili hesabu ya maneno hudanganya. "Na" ni neno moja, na "iliyolowekwa" pia ni neno moja, lakini la pili lina silabi sita. Silabi ndizo zinazokula muda, na bahati nzuri ni rahisi kuzihesabu: kila irabu ni silabi moja. Ongeza m au n inayotamkwa peke yake, kama katika "mpaka", "mkuku" au "nne". Andiko likiwa refu, irabu zihesabiwe na kompyuta, kisha hizo m na n uziongeze kwa mkono:

```
grep -o -i '[aeiou]' simulizi.txt | wc -l
```

Tarakimu ziandike kwa maneno kabla ya kuhesabu. Mwaka 2001, Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia, hutamkwa kwa silabi saba: elfu mbili na moja. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, unakula silabi 14. Karatasini yote miwili ina tarakimu nne, ndiyo maana watu wengi hunaswa hapo. Mwaka mrefu ni afadhali uandikwe kwenye picha, sauti iseme jambo lenyewe.

Kisha mpime msimulizi wako. Mpe aya moja asome kwa mwendo wake wa kawaida wa kusimulia kwa dakika nzima, hesabu silabi alizosoma, gawanya kwa 60. Hapa tuseme msimulizi wetu anasoma silabi 5 kwa sekunde.

Hatua ya 2: tazama maneno yanaangukia wapi

Simulizi yetu ina silabi 90, yaani sekunde 18 kamili. Wengi wangefurahi kwamba imeenea. Kwetu sisi hiyo ndiyo kasoro yake. Msimulizi hana pa kuvuta pumzi, na nyundo inayoanza kugonga kwenye sekunde ya 9 inafunikwa na maneno "kuziba nafasi zilizopo kati ya mbao moja na nyingine ili kuhakikisha kwamba". Neno "kukalafati" linatajwa mwanzoni kabisa, wakati kalafati yenyewe bado haijaonekana, na "jahazi" linafika sekunde ya mwisho ilhali jahazi lilionekana tangu mwanzo. Kwa hiyo matatizo ni mawili tofauti: maneno ni mengi, na yamekaa mpangilio usio wa picha. Kupunguza peke yake hakutaponya la pili.

Kipimo chetu ni kwamba maneno yasizidi theluthi mbili za muda wa picha. Hapa ni silabi 60. Picha yenye sauti yake nzuri, kama nyundo hii, iachiwe nafasi zaidi.

Hatua ya 3: punguza kwa sarufi kabla ya kutoa maana

Kiswahili kina njia fupi ndani yake, zitumie kwanza. "Ili kuhakikisha kwamba maji hayawezi kuingia" ni silabi 19. "Maji yasiingie" ni saba, na maana ni ile ile. Hapo tu umepata zaidi ya sekunde mbili. "Kwa ajili ya kuziba" hubaki "kuziba". "Mbao ambazo zimeungwa" huwa "mbao zilizoungwa". Tena, kitu ambacho mtazamaji anakiona kwa macho yake hakihitaji kuambiwa: usimwambie kwamba fundi anapiga nyundo.

Usimwambie msimulizi aharakishe ili maneno yaenee. Irabu za Kiswahili zikibanwa, masikio ya mzawa huzikamata mara moja, na silabi ya pili kutoka mwisho inapoteza mkazo wake. Kuivuta au kuibana sauti kwa kompyuta kuna mpaka pia. Sisi hatupiti asilimia 5.

Hatua ya 4: panga upya, kisha kagua viambishi

Sasa tuiandike simulizi upya kwa kufuata picha:

- Ubavu wa jahazi: "Maji hupenya pale mbao zinapokutana." (silabi 15)
- Mikono na pamba: "Pamba hii imelowa mafuta." (11)
- Nyundo: "Fundi huishindilia mpaka ikae." (14)
- Fundi akikagua: "Kazi hii huitwa kalafati." (11)

Jumla ni silabi 51, sekunde 10 na kidogo. Jina limekuja mwisho, baada ya mtazamaji kuiona kazi yenyewe.

Hatari ya kupanga upya imo ndani ya "huishindilia". Ile -i- inashikilia pamba. Ukichomeka katikati sentensi kama "Nyundo hii ni ya mti", msikilizaji atadhani ni nyundo inayoshindiliwa, kwa sababu nyundo na pamba ni za ngeli moja. Kila ukihamisha sentensi, uliza kila kiambishi kinamshika nani. Ikibidi sentensi zitengane, rudia nomino: "Pamba, fundi huishindilia." Silabi mbili zaidi, lakini maana inasimama.

"Hii" nayo ina masharti yake. Ukisema "pamba hii", pamba iwe inaonekana wakati huo huo. Mhariri akiifupisha picha ile baadaye na neno likaangukia nyundo, badilisha liwe "hiyo" au lihamishe.

Hatua ya 5: weka vituo

Usianze kusema pale pale picha inapobadilika. Jicho lipe karibu nusu sekunde, fremu 12 kwa video ya fremu 25. Kwa onyesho letu, sauti inaanza kwenye sekunde ya 1, 5.5, 11.5 na 15.4. Maana yake nyundo inagonga peke yake kwa sekunde mbili na nusu kabla ya msimulizi kurudi, na hapo ndipo onyesho linapumua.

Ndani ya sentensi, kituo kikae baada ya kikundi cha maneno kilichokamilika. Ukitua baada ya "la" katika "ubavu wa jahazi la… fundi", sentensi huchanika.

Kituo kisiwe kimya kitupu. Rekodi walau sekunde 30 za sauti ya mahali pale pale, upepo na maji, uitandike chini ya onyesho lote. Kama adhana inasikika humo, usiikate katikati ya tamko. Mtu wa Lamu atalijua pengo hilo kabla hajalijua kosa jingine lolote, na tena si adabu. Tafuta kipande kingine cha upepo, au panga onyesho upya ili tamko limalizike.

Baada ya hapo cheza onyesho mara moja ukiwa umefumba macho, na mara moja ukiwa umezima sauti ya msimulizi. Ukiwa umefumba macho, kila kiambishi kiwe na mwenyewe. Ukiwa umeizima sauti, angalia kama kuna picha ambayo bado unahitaji kuelezwa. Ikiwepo, hapo ndipo silabi tisa zilizobaki chini ya 60 ziende.