VLOOKUP ikikuletea mstari wa mtu mwengine

Juzi hapa Wete nilikuwa nahakiki orodha ya wakulima wa karafuu kwenye Excel. Nikaandika namba 107 kwenye seli E2, na VLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani ndani ya orodha, ikanipa kilo 38, kumbe kilo hizo ni za mkulima 106! Namba 107 haikuwemo kabisa.

Usipoandika sehemu ya nne ya fomula, VLOOKUP hutafuta kwa kukadiria: ikikosa namba yenyewe huchukua ndogo iliyo karibu nayo, bila ya kukuonya. Na orodha isipopangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, hata namba iliyomo inaweza kukuletea mstari sio. Malizia na FALSE:

```
=VLOOKUP(E2,$A$2:$C$60,3,FALSE)
```

Sasa 107 itatoa `#N/A`, nawe utajua mkulima huyo bado hajaingizwa.