Kabla figo za paka mzee hazijashindwa

Figo za paka huchoka kimyakimya. Paka anaweza kupoteza theluthi mbili ya uwezo wa figo zake na bado akaruka ukuta, akala na kuota jua kama kawaida. Vinavyobadilika mwanzo ni uzito na maji, na vyote viwili ni vigumu kuvigundua kwa mtu anayemwona paka wake kila siku. Kwa hiyo usingoje atapike. Akifika miaka saba au minane, hata kama hana tatizo lolote, anza kumpima.

Cha kwanza ni mizani. Ile ya kusimama juu yake ukiwa umembeba haifai sana, maana kwa paka wa kilo nne, gramu mia mbili ni nyingi na mizani ya namna hiyo huzikosa. Mimi hutumia mizani ya jikoni ya kubeba kilo 10: naweka beseni lenye kitambaa chake juu yake, naisawazisha isome sifuri, kisha namweka paka ndani. Mara moja kwa mwezi inatosha, na namba inaandikwa kwenye daftari. Paka wangu Chausiku alikuwa kilo 4.2 alipotimiza miaka 11. Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa kilo 3.8. Kwa macho sikuona tofauti yoyote, kwa sababu manyoya yake ni mengi, lakini daftari lilionyesha kwamba alikuwa amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Kwa paka wenye ugonjwa huu, kukonda huweza kuanza miaka kadhaa kabla ya kugundulika.

Ukiona uzito unashuka, pima maji. Jaza bakuli mililita 300, na uweke bakuli jingine la ukubwa huohuo mahali paka hafiki, ili ujue ni kiasi gani kinakauka chenyewe, hasa huku pwani kwenye joto na upepo. Baada ya saa 24, bakuli la Chausiku lilibaki na mililita 50, na lile la pili lilikuwa limepungua 20. Kwa hiyo alikunywa 230, yaani kama 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Paka mzima kwa kawaida hafiki 50 kwa kilo, na anayekula chakula chenye majimaji hunywa kidogo sana kuliko hapo. Angalia na trei yake ya mchanga: mabonge ya mkojo yakiwa makubwa kuliko zamani na mkojo hauna ile harufu kali, figo huenda zimeshindwa kuukoleza mkojo, na kiu ni jitihada ya mwili kufidia maji yanayopotea.

Hapo usijiamulie kwamba ni figo. Kisukari huleta kiu na kukonda vilevile, na tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi hukondesha paka mzee huku akila kwa pupa. Mwombe daktari wa mifugo apime mkojo na damu kwa pamoja, maana kipimo kimoja pekee hupotosha. Kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, hupanda wakati kama robo tatu ya uwezo wa figo imeshaondoka, na tena hutoka kwenye misuli, hivyo paka aliyekonda huonekana ana nafuu asiyokuwa nayo. Uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji, ambao ni 1, huanza kuonyesha kasoro mapema kidogo: wa paka mzima mara nyingi hupita 1.035. Wa Chausiku ulikuwa 1.018, haukuwa na sukari, na kreatinini yake ilikuwa mikromoli 190 kwa lita. Hiyo ni hatua ya pili kati ya nne za ugonjwa wa figo, ambayo huanzia 140 na kuishia 250. Mwambie daktari apime na shinikizo la damu, kwa kuwa likipanda huweza kumpofusha paka ghafla.

Sasa chakula, na hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndicho kitu chenye ushahidi mzuri kuliko vyote kwamba kinarefusha maisha ya paka wa hatua ya pili na kuendelea. Watu wengi wakisikia figo hukimbilia kuondoa nyama na kumpa paka uji au wali mtupu. Paka si mbuzi. Akikosa protini hula misuli yake mwenyewe. Adui mkubwa ni fosforasi. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, inajaa kwenye damu, na kujaa huko huziharibu figo zilizobaki. Na huku kwetu fosforasi hiyo tunampikia wenyewe: dagaa wakavu, na vichwa vyao na mifupa yao, wamechanganywa na ugali. Mifupa ndiyo ghala la fosforasi. Maini nayo yana nyingi.

Chakula maalumu cha figo kina fosforasi kidogo, protini ya kiasi lakini nzuri, na potasiamu ya kutosha. Cha kopo ni bora kuliko kikavu kwa sababu ya maji yake. Kama hakipatikani ulipo, kuku asiye na mifupa aliyechemshwa na maji yake kumwagwa, pamoja na ute mweupe wa yai, vina fosforasi ndogo mno ukilinganisha na dagaa. Lakini chakula cha nyumbani peke yake kina upungufu wa taurini, kalsiamu na vingine, na kikiendelea kwa miezi bila virutubisho alivyovipanga daktari humdhuru paka. Usimpe chakula cha figo paka mwenye figo nzima eti kwa kumkinga, hakimfai.

Kubadilisha chakula kunataka subira. Nilianza na chakula cha figo robo kijiko cha chai pembeni ya dagaa wake, nimekipasha kidogo kifikie joto la mwili, na ilichukua wiki tano mpaka dagaa wakaisha kwenye sahani. Usianze siku anapotapika au amelazwa: atahusisha chakula kile na kichefuchefu na huenda asikiguse tena. Wala usimshindishe njaa ili akubali. Paka akikaa siku mbili bila kula, mafuta huanza kujaa kwenye ini, na hilo huua haraka kuliko figo. Kula chakula kisichofaa ni afadhali kuliko kutokula kabisa.

Baada ya wiki nane tulipima tena. Fosfeti yake, yaani fosforasi iliyomo kwenye damu, ilikuwa imeshuka kutoka milimoli 1.8 kwa lita hadi 1.4, na lengo la hatua ile ni chini ya 1.5. Isingeshuka, daktari angeongeza dawa ya unga inayofunga fosfeti tumboni, ambayo lazima ichanganywe na chakula chenyewe, maana ikimezwa peke yake haina cha kufunga.

Jambo moja la kabatini: parasetamoli, hata kidonge kimoja, huua paka, na diklofenaki au ibuprofeni za binadamu huzimaliza figo zilizobaki. Zifungie.

Chausiku sasa ana miaka 15 na kilo 3.7. Nina paka wengine wawili wanaokula dagaa, kwa hiyo yeye hulishwa chumbani mlango umefungwa, na sahani zao huoshwa kabla hajatoka.