Kumlisha ng'ombe aliyezaa mpaka kilele cha maziwa bila kumkondesha

Ng'ombe akizaa, maziwa hupanda haraka na kufika kileleni wiki ya sita hadi ya nane. Hamu yake ya kula haipandi kwa kasi hiyo; mara nyingi hukamilika wiki ya kumi na kuendelea. Katikati hapo anakamuliwa zaidi ya anachokula, na pengo analiziba kwa mafuta ya mwilini mwake. Kukonda kidogo hakuepukiki. Kazi yetu ni kulifanya pengo liwe dogo.

Namchukua chotara wa Friesian wa kilo kama 400, aliyezaa Februari hapa Naliendele, Mtwara, wakati majani bado ni mabichi.

Hatua ya 1: Majani kwanza. Mpe kilo 40 hadi 50 za matete kwa siku, yaliyokatwa yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Matete yaliyokomaa hujaza tumbo lakini hayaleti maziwa. Changanya na majani ya lukina, yasizidi theluthi moja ya majani yote kwa sababu yakizidi yana sumu. Asubuhi horini pawe pamebaki kidogo. Hori likiwa limelambwa jeupe, jua hakushiba.

Joto la pwani humkatisha hamu mchana, kwa hiyo sehemu kubwa ya majani mpe jioni na alfajiri. Maji yawepo muda wote, kivulini. Ng'ombe wa lita 14 anaweza kunywa lita 80 au zaidi kwa siku, na akipungukiwa maji hupunguza kula siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Changanya chakula cha ziada. Kwa kilo 100: pumba za mahindi 55, makopa yaliyotwangwa 10, mashudu ya alizeti 32, madini ya ng'ombe wa maziwa 2, chumvi 1. Ukipata mashudu ya ufuta, 25 yanatosha maana yana protini nyingi zaidi. Kilo saba zinazobaki ongeza pumba. Pumba na makopa yaliyoota ukungu usimpe hata ukiyaanika tena, kwani sumu ya ukungu haiondolewi na jua na inapita mpaka kwenye maziwa.

Hatua ya 3: Panda ngazi, na maziwa yakuongoze. Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanasubiri maziwa yaongezeke ndipo waongeze chakula, na kumbe chakula ndicho kinachotakiwa kutangulia.

Majani mazuri kama haya yanamtosha kwa mwili wake na lita kama 5. Kila lita mbili za juu ya hapo zinadai kilo moja ya mchanganyiko. Siku ya tano chotara wetu alitoa lita 9, hesabu ikawa kilo 2, nasi tukampa 2.5. Kisha tukaongeza nusu kilo kila baada ya siku nne. Kwa kilo 3.5 alifika lita 11, kwa 4.5 akafika 13, na kwa 5 akafika 14. Tulipompa 5.5 maziwa yalisimama pale pale, tukarudi kwenye 5. Hicho ndicho kipimo chake. Wako anaweza kuishia chini au juu ya hapo.

Kilo hizo zigawe mara tatu kwa siku, na kabla ya kila mgao awe amekula majani. Ukimrundikia pumba kwa mkupuo tumbo huchacha: kinyesi kinakuwa chepesi chenye mapovu na chembe za pumba, na kucheua kunapungua. Ukiona hivyo rudi nyuma kilo moja, ongeza majani makavu, usubiri kinyesi kishike.

Hatua ya 4: Soma mgongo wake. Kila wiki, asubuhi kabla ya kula, mzungushie kamba ya kupimia kifuani, kisha simama nyuma yake. Pitisha kiganja juu ya nyonga na mbavu fupi. Mfupa ukionekana kwa mbali lakini una nyama ya kubonyea, yuko sawa. Mbavu fupi zikihesabika kwa macho na pande za shina la mkia zikiwa na mashimo, anakonda kupita kiasi. Hapo kuongeza pumba tu hakusaidii kama majani ni magumu au maji hayatoshi. Anza na hayo.

Kuna ishara moja usiisubirishe: anakataa pumba lakini anang'ata majani, kinyesi kinakauka, maziwa yanashuka ghafla, na pumzi ina harufu tamu isiyo ya kawaida. Mwili unayeyusha mafuta kuliko ini linavyoweza kubeba. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Usishushe mapema. Maziwa yakianza kupungua baada ya kilele, wafugaji hukimbilia kupunguza pumba ili kuokoa hela. Subiri mpaka kamba ya kifuani isimame wiki mbili mfululizo na kuanza kuongezeka. Ndipo upunguze nusu kilo, upime maziwa siku nne, na yakianguka zaidi ya nusu lita, irudishe.