Kofia Iliyorudishwa: Lini Utumie Picha ya Akili Unde, na Lini Upige Mwenyewe

Wiki iliyopita nilikaa barazani huku Langoni, Lamu, na kikundi cha wafanyabiashara: wauza kofia, wauza leso, na wenzao wawili wenye boti za kubeba wageni. Mimi kazi yangu ni kuwatengenezea watu matangazo ya simu, na waliniita niwaeleze lini picha ya akili unde inafaa na lini ni lazima kupiga picha ya kweli. Nawaandikia hapa kwa mpangilio ule ule niliowaonyesha.

Nilianza na kisa changu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mama mmoja muuza kofia za vito, zile zenye nakshi ya vitobo vilivyozungushiwa uzi, alinipa kofia moja nyeupe nimtangazie kabla ya Idi. Niliipiga picha juu ya meza iliyochakaa, kisha nikaitia kwenye programu ya simu na kuiamuru iondoe meza, iweke mlango wa kuchonga nyuma yake. Picha ikatoka inang'aa. Mtu wa Mombasa akaiona, akalipa shilingi 4,500, kofia ikavushwa hadi Mokowe ikapanda basi. Alipoipokea akanitumia picha mbili: tangazo langu, na kofia iliyo mkononi mwake. Kwenye tangazo vitobo vilikuwa vimepangwa kama mbegu za tikiti. Kwenye kofia yenyewe vilikuwa maua ya petali nne yaliyounganishwa na mzabibu. Akairudisha, na nauli ya kwenda na kurudi niliilipa mimi.

Hatua ya 1: Jiulize mteja analipia nini ndani ya picha

Kabla hujagusa simu, sema kwa sentensi moja kitu ambacho mteja atapokea. Kama kitu hicho ndicho kinachoonekana kwenye picha, piga picha ya kweli. Kofia, leso, kiti, chumba cha kulala wageni, boti: vyote vinaingia hapa, kwa sababu mteja anachagua kwa macho na hawezi kushika. Sheria ya Kenya ya kuwalinda wateja ya mwaka 2012 nayo inakataza kuonyesha kwamba bidhaa ina sifa ambayo haina, na picha inaonyesha sifa hata kama hukuandika neno.

Kama picha ni ya kuita watu tu, mfano kuwaambia kwamba duka litafunguliwa usiku katika kumi la mwisho la Ramadhani, hapo akili unde ina nafasi yake. Nitaifikia.

Hatua ya 2: Ipige kofia ili ushonaji uonekane

Kofia nyeupe ina taabu yake: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na jua la mchana linafuta kila kitu. Toka nayo kichochoroni. Vichochoro vyetu vina kivuli karibu siku nzima, na kuta za chokaa zinarudisha mwanga laini. Mwanga uje kutoka ubavuni, usitoke nyuma yako, maana ule wa ubavuni ndio unaotia kivuli kidogo kando ya kila mshono. Ukipigia ndani, zima taa ya umeme ubaki na mwanga wa dirisha peke yake, la sivyo upande mmoja wa kofia utaingia umanjano.

Sasa jambo ambalo mafundi wenyewe walilifurahia pale barazani. Chukua karatasi nyeusi au kitambaa cheusi, kikunje, ukitie ndani ya kofia hadi isimame imara. Vile vitobo vilivyozungushiwa uzi vinageuka nukta nyeusi, na nakshi yote inasomeka. Iweke juu ya kikoi cha rangi ya wastani, bluu au kijani. Gusa kofia kwenye kioo cha simu, kisha teremsha mwangaza kidogo mpaka uzi uonekane umetengana na kitambaa.

Futa lenzi, rudi nyuma kama mita moja, kisha vuta karibu kidogo kwa simu. Ukiisogelea mno, kofia inavimba katikati na kupoteza umbo. Picha nne zinatosha: ubavuni, juu, ndani, na moja ya karibu sana ya ushonaji. Ile ya ndani iwe na futi ya fundi cherehani, mteja ajue kipimo. Kama kuna doa, lipige pia. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama faili, maana ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na nyuzi zinafifia.

Hatua ya 3: Ukibadilisha mandhari, hesabu vitobo

Hapa ndipo nilipoanguka. Programu za kubadilisha mandhari ni za aina mbili, na kwa jina huwezi kuzitofautisha. Moja inakata: inaondoa kilicho nyuma na kuiacha kofia yako kama ilivyo. Nyingine inachora upya picha nzima kwa kufuata ya kwako. Hii ya pili hushika umbo kubwa vizuri, lakini vitu vidogo vinavyojirudia, kama vitobo, inavikisia kutokana na picha ilizofunzwa, na kofia za Lamu humo ni chache.

Weka picha ya kwanza na ya pili kando kwa kando. Kuza sehemu ile ile, tuseme juu kidogo ya ukingo wa mbele, na uhesabu vitobo vya ua moja. Kisha tafuta kasoro ndogo, uzi uliochomoza au mshono uliopinda. Kama uzi ule umetoweka, kofia imechorwa upya, na picha hiyo haiwezi kuuzia. Usiitazame ikiwa ndogo; mimi niliiona ndogo nikaridhika.

Muuza leso mmoja aliuliza kama leso ni nafuu, kwa kuwa haina vitobo. Nikamfungulia simu nimwonyeshe leso iliyopitishwa kwenye programu ya kuchora upya. Pindo lilibaki pindo na mji wa katikati ukabaki mji, lakini jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, liligeuka herufi zisizosomeka. Na watu wa kwetu leso wanainunulia jina.

Hatua ya 4: Ipe akili unde kazi ya kuita

Kwa tangazo la saa za duka, salamu za Idi, au picha ya kuweka nyuma ya maandishi ya bei ya kufikisha mizigo, mimi naitumia bila wasiwasi. Naomba mandhari matupu: anga la jioni, bahari, mwezi mwandamo, nafasi kubwa upande mmoja. Maandishi siombi kabisa. Nayaweka mwenyewe baadaye kwa programu ya kuandika juu ya picha, ili bei na namba ya simu zisiharibike.

Hata hapo kagua. Ukiomba jahazi la Lamu unaweza kupata tanga la mraba la meli za Wazungu badala ya tanga letu la pembetatu. Ukiomba mlango wa Lamu unaweza kuletewa ule wa misumari yenye vichwa vya shaba, ambao ni maarufu zaidi Unguja. Mgeni hatatambua, lakini mtu wa Amu, yaani wa hapa Lamu, atacheka na kupita. Na usiweke mtu wa kubuni aliyevaa kofia unayouza, kwani utakuwa umerudi kwenye hatua ya 3. Ukitaka mtu, mwombe kijana wa dukani, mweleze picha itatumika wapi, akubali kwanza ndipo umpige.

Kofia ile iliyorudi niliipiga tena kichochoroni, na kitambaa cheusi ndani. Chini ya picha mama aliandika kipimo chake na kwamba kuna uzi mmoja umechomoza upande wa nyuma. Ilinunuliwa na mtu wa Malindi, na mpaka leo haijarudi.