Somo: Namna ya kuripoti utafiti wa majaribio bila kuusemesha usichoweza kusema

Ripoti nyingi za utafiti wa majaribio, yaani ule mdogo unaotangulia utafiti mkubwa, huanza vizuri: "Lengo ni kuona kama utafiti mkubwa unaweza kutekelezeka." Ukifika sura ya matokeo unakuta jedwali la thamani za p, na hitimisho linasema tiba imefanya kazi. Au haikufanya, jambo ambalo nalo ni kosa lilelile. Leo tutachukua mfano mmoja wa kubuni na kuuandika kuanzia kigezo hadi hitimisho.

Mfano wenyewe: kliniki ya presha inataka kujua kama ujumbe mfupi wa simu unaowakumbusha wagonjwa kumeza dawa unafaa kupimwa katika utafiti mkubwa. Wagonjwa 40 wanagawanywa kwa bahati nasibu, 20 wapate ujumbe na 20 waendelee na huduma ya kawaida, kisha wanafuatiliwa kwa wiki 12.

Hatua ya 1: Andika vigezo kabla ya kumwandikisha mtu wa kwanza

Vigezo vinakaa kwenye pendekezo la utafiti, tena kwa namba. Wengi hutumia mtindo wa taa za barabarani. Kwa mfano wetu, tuseme wakibaki hadi wiki ya 12 asilimia 80 au zaidi ni kijani, tunaendelea. Kuanzia 60 hadi chini ya 80 ni njano, tunaendelea tukirekebisha. Chini ya 60 ni nyekundu, tunasimama na kufikiri upya. Mwongozo wa CONSORT wa mwaka 2016, ule wa tafiti za majaribio zenye mgawanyo wa bahati nasibu, unataka vigezo vya namna hii vitajwe kama vilipangwa. Ukivitunga baada ya kuona data, msomaji mzoefu atagundua, maana matokeo yako yatakuwa yameruka kila kizingiti kwa raha isiyo ya kawaida.

Chagua vigezo vichache: uandikishaji, kubaki kwenye utafiti, na ukamilifu wa vipimo vinatosha kwa kliniki hii.

Hatua ya 2: Toa hesabu kamili, kisha wigo wake, kisha sababu

Usiandike "asilimia 78 walibaki" ukaishia hapo. Andika 31 kati ya 40. Asilimia ikisimama peke yake inaficha udogo wa sampuli.

Kisha weka wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo kiwango halisi kinaweza kuwa kwa kuzingatia data tuliyo nayo. Kwenye programu ya takwimu ya R ni mstari mmoja:

```r
prop.test(31, 40, correct = FALSE)$conf.int
```

Jibu ni kati ya asilimia 62 na 88. Litazame vizuri. Namba yetu imeangukia njano, lakini wigo unaingia hadi kijani, na upande wa chini unakaribia nyekundu. Hilo liandikwe wazi. Wigo hapa unamwonyesha msomaji tunajua kwa kiasi gani, wala haujaribu nadharia tete yoyote.

Sehemu yenye thamani kuliko zote inakuja baada ya hapo, nayo ndiyo watu huipa mstari mmoja: wale 9 walienda wapi? Tuseme 5 walibadilisha namba ya simu, 2 walihama na 2 walikataa kuendelea. Hao 5 wanakupa marekebisho ya moja kwa moja: utafiti mkubwa uchukue namba ya pili, ya ndugu au jirani, kwa ridhaa ya mgonjwa. Kama ungejua asilimia tu bila sababu, njano ingekuwa rangi isiyokuelekeza popote.

Hatua ya 3: Matokeo ya tiba yaeleze, usiyapime

Presha ulipima, kwa hiyo huwezi kuificha. Tuseme waliomaliza ni 16 wa kundi la ujumbe na 15 wa kundi la kawaida. Namba ya juu ya presha ilishuka zaidi kwa kundi la ujumbe, tofauti ya milimita 6 za zebaki, na mkengeuko sanifu ni 18 kwa kila kundi. Wigo wa uhakika wa tofauti hiyo unaanzia milimita 7 za hasara na kufika milimita 19 za faida.

Wigo huo unabeba mambo yote mawili, ujumbe unaodhuru na ujumbe unaosaidia sana. Ukiendesha jaribio la t utapata p ya karibu 0.36, na hapo mkono utawasha kuandika "ujumbe haukuwa na athari." Data haikusema hivyo. Kwa hiyo weka wastani na mkengeuko sanifu wa kila kundi, ukitaka weka na wigo wa tofauti, kisha andika kwamba utafiti haukupangwa kupima ufanisi.

Jedwali la sifa za washiriki mwanzoni nalo halihitaji thamani za p.

Hatua ya 4: Hitimisho lijibu swali la utekelezekaji

Mbaya: "Ujumbe wa simu ulionyesha mwelekeo wa kushusha presha." Neno "mwelekeo" ndilo mlango wa nyuma wa hitimisho uliloahidi kutolitoa.

Nzuri: "Waliobaki hadi wiki ya 12 ni 31 kati ya 40, kiwango cha njano. Sababu kuu ni kubadilika kwa namba za simu. Utafiti mkubwa unaweza kufanyika iwapo utachukua namba ya pili ya mawasiliano."

Maswali ya wanachama

*Muuguzi, Dodoma:* Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu anasema bila thamani ya p tasnifu itarudishwa. Nifanyeje?

Marahaba. Usibishane naye kwa maneno matupu. Mpelekee mwongozo wa CONSORT niliotaja, kisha onyesha kwamba malengo yako yote ni ya utekelezekaji, hivyo hakuna nadharia tete ya kupimwa. Akishikilia, mpe wigo wa uhakika. Ila usikubali neno "ufanisi" libaki kwenye kichwa cha tasnifu, maana hilo ndilo linalomfanya adai p.

*Mwanafunzi wa uzamili, Eldoret:* Je, naweza kutumia ile tofauti ya 6 kukokotoa sampuli ya utafiti mkubwa?

Hapana, na hapa ndipo watu huumia. Kwa tofauti ya 6, mkengeuko wa 18, nguvu ya asilimia 80 na kiwango cha 0.05, utahitaji takriban watu 142 kila kundi. Kama tofauti ya kweli ni 3, wanatakiwa mara nne, karibu 566. Anza na tofauti ambayo madaktari wanaona ina maana kwa mgonjwa. Kutoka kwenye majaribio chukua kiwango cha waliopotea, na mkengeuko sanifu kwa tahadhari, kwa sababu nao umekadiriwa kwa watu wachache.

*Mfamasia, Tanga:* Kwangu hakuna hata mmoja kati ya 40 aliyepata madhara. Siwezi kuandika kwamba ni salama?

Andika "0 kati ya 40." Tukio lisipotokea hata mara moja, ukomo wa juu wa wigo wa asilimia 95 ni takriban 3 ukigawanya kwa idadi ya watu. Gawanya 3 kwa 40 upate 0.075: madhara yanayompata hadi mtu 1 kati ya 13 hivi yangeweza kujificha kabisa kwenye sampuli yako.

*Mwanafunzi wa uzamili, Eldoret:* Na wale 40, niwaunganishe na utafiti mkubwa?

Kama ulipanga hivyo tangu mwanzo na utaratibu haukubadilika, inawezekana. Lakini ukishaona matokeo ya presha ndipo uamue kuwaunganisha, hapana. Na kwenye mfano wetu tumeshabadilisha njia ya kuwafuatilia, kwa hiyo 40 hao wabaki kwenye ripoti yao.